Kiti cha Msomaji

Jumatatu, 3 Machi
Nimeingia Ifakara jana jioni na mvua imeingia pamoja nami. Kufuli la nyumba ya baba huku Lipangalala lilikuwa limeshika kutu, ikabidi jirani yetu mama Febronia alete mafuta ya taa, tukalipaka, tukasubiri. Ndani kila kitu kipo kama tulivyokiacha baada ya arobaini: viti vinne, meza, redio. Nimekalia kiti kimoja, nimekunywa chai ya rangi na mkate, nimelala.

Produsa alitaka nikae gesti na wenzangu. Nilimjibu kwamba mimi nina kwetu. Nilivyosema kwa kujidai, ungedhani kuna mtu ananisubiri.

Jumanne, 4 Machi
Niiandike kazi yenyewe hapa mwanzoni, ili nikichanganyikiwa nirudi kusoma.

Tamthilia inaitwa Mashineni. Ni familia ya Kindamba yenye mashine ya kukoboa mpunga. Mama amefariki. Wamebaki baba, shangazi, binti anayeitwa Roza na kaka yake, na ng'ambo ya shamba kuna wafugaji wawili wa Kisukuma ambao mmoja wao Roza anampenda. Ni watu sita, na hadithi imegawanywa sawa kwa wote. Ingekuwa na nyota mmoja ningemtafuta huyo, wengine ningewapanga nyuma yake. Hapa hakuna wa kupangwa nyuma. Mtu anaweza kuwa hodari peke yake na akaiua familia nzima akiingizwa ndani yake.

Kituo cha televisheni kinataka majina sita ya waigizaji ifikapo Aprili 30. Yasipofika, au yakifika yakiwa hayaeleweki, watatumia sura sita maarufu walizonazo tayari Dar, wawafundishe kushika jembe. Mimi napendekeza, mwongozaji anaamua, kituo kinapitisha. Lawama huwa zinaanzia kwangu.

Jumamosi, 8 Machi
Tumetangaza redioni. Zimeingia video mia mbili na kumi na nne za simu. Nusu yake zimerekodiwa jikoni.

Jumatatu, 10 Machi
Usaili umeanza katika ukumbi wa parokia. Tuko watatu tu: Omega, mwongozaji, kijana mpole anayetafuna karanga akifikiri; Aneth wa kamera; na mimi. Mtu anaingia, anasimama kwenye alama, anataja jina, kwao na urefu wake, anageuka kushoto na kulia. Kisha anasoma kurasa mbili. Anayesoma naye ni mimi, nimekaa kwenye stuli ubavuni mwa kamera, ili macho yake yaje karibu na lenzi.

Msomaji ana sheria moja: asing'ae. Anasoma kwa sauti ya kawaida, anawapa wote kitu kile kile, wa asubuhi na wa jioni, mzuri na mbaya. Ukimpa mmoja zaidi, huwezi tena kuwalinganisha. Nimewafundisha vijana wengi sheria hiyo.

Mtu akimaliza, namwambia arudie kwa namna nyingine. "Sasa unamsikiliza ukiwa unamficha kitu." Nataka kuona kama anabadilika au ana wimbo mmoja tu aliokariri nyumbani.

Mvua ikipiga bati, Aneth anavua vifaa vya masikioni na kutikisa kichwa. Hakuna sauti inayofaa. Tunakaa tu mpaka ipite.

Jumanne, 11 Machi
Watu kumi na saba. Hakuna hata mmoja.

Jumatano, 12 Machi
Leo amekuja Mzee Salvatory kutoka Kisawasawa. Miaka sitini na nne, alikata na kupima miwa shamba la sukari mpaka alipostaafu, na kila Ijumaa Kuu anaigiza mateso kanisani kwao. Mwaka jana alikuwa Pilato. "Mwaka juzi nilikuwa mwizi, yule mbaya," akasema, "nikapigiwa makofi mpaka padri akakasirika." Koti lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka linang'aa viwikoni.

Anasomea sehemu ya baba. Maneno ni mepesi. Roza anamletea babake maji ya kunawa kabla ya chakula, huku ana jambo zito la kusema.

"Shikamoo baba," nikasoma.

Kwenye karatasi imeandikwa, "Marahaba." Yeye akasema, "Marahaba mama."

Neno hilo moja halikuwemo. Kila baba wa huku humwita binti yake mama, si ajabu hata kidogo. Lakini mimi sijaitwa hivyo tangu baba afariki Julai iliyopita. Nikaendelea. "Nimeleta maji." "Weka hapo." "Baba, nina neno." "Kula kwanza, neno halipoi." Hilo la mwisho pia alilitia mwenyewe. Mwandishi angelia kwa furaha.

Tulikuwa katikati ya kurudia pale mvua iliposhuka. Tulikaa karibu saa nzima, yeye kwenye alama yake na mimi kwenye stuli yangu, tukizungumza kwa kupaza sauti juu ya kelele za bati. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomwambia, akasema aliwahi kumsikia fundi redio wa Lipangalala mwenye jina hilo. Nikasema ndiye. Akasema pole mama.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeangalia tena video ya Mzee Salvatory. Ni yeye. Omega naye kasema ni yeye.

Jumatatu, 17 Machi
Mzee Salvatory karudi kwa mchujo wa pili. Roza wetu pia nadhani kapatikana: Kabula, msichana wa Kisukuma, wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe kabla hajazaliwa. Ana miaka ishirini na mbili, anauza dawa za mifugo, anasikiliza kwa uso mzima. Omega ana wasiwasi kwamba Msukuma atamchezaje Mndamba. Nimemwambia amekulia hapa, Kiswahili chake ni cha hapa, tumpe nafasi.

Kwa akina baba wapo pia Evod wa Mlimba, anayesema kama mtangazaji, na fundi baiskeli mmoja anaitwa Sylvanus. Huyu Sylvanus kasoma kama anasoma tangazo la ndoa kanisani. Nimemweka wa tatu kwa sababu tu uso wake unafanana na wa yule kijana tunayemtaka awe kaka wa Roza.

Aneth alipokuwa anakunja nyaya akaniambia, "Dada Luciana, yule mzee wa Kisawasawa umemrudisha mara saba. Wengine unawarudisha mara mbili."

Nikamwambia namtafutia kasoro.

Ijumaa, 21 Machi
Mvua. Wali na kambale kwa mama Febronia. Alinifungia na kingine cha kesho, akidhani sijui kupika.

Jumanne, 25 Machi
Tumebandika picha ukutani. Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda: watatu kwa kila nafasi, unawapanga kifamilia, unarudi nyuma hatua tano, unatazama kama mgeni aliyepita mlangoni. Huyu na huyu wanaweza kuwa ndugu? Shangazi asimzidi kaka yake urefu kiasi cha kuchekesha. Ukimtoa mmoja, mwingine anapoteza maana, na mara unajikuta umewahamisha watu wanne kwa sababu ya pua ya mmoja. Odilia tumempata kuwa shangazi, hana mpinzani.

Tumewapigia simu wote waliobaki. Mpunga wenu unavunwa lini? Nani atabaki na ng'ombe? Tunaanza kupiga picha Juni, na huku Juni mtu ana shamba kabla ya kuwa na kipaji.

Mzee Salvatory alisema yeye shamba amemwachia mdogo wake. "Nimeshawaaga hata wanakwaya wenzangu," akasema. Nikamkumbusha kwamba bado kuna kusoma pamoja, waigizaji wakisomeana wenyewe, na hakuna aliyepata. Akacheka. "Wewe si upo mama?"

Jumapili, 30 Machi
Niandike jambo ambalo sijamwambia mtu hapa.

Siku baba alipofariki nilikuwa Dar kwenye chumba cha kusoma pamoja. Ndani ya chumba hicho simu zinazimwa. Nilipotoka saa kumi na moja nilikuta simu kumi na moja ambazo hazikupokelewa. Kumi zilikuwa za dada na majirani. Ya kwanza kabisa, ya saa saba na dakika ishirini, ilikuwa ya baba mwenyewe. Sijui alitaka kusema nini. Siku ile tulikuwa tunachagua mume na mke wa tangazo la sabuni.

Sasa nakaa kwenye nyumba yake nikisubiri Ijumaa nimsikie mzee wa watu akisema mama. Nimeandika, nimeona aibu, siifuti.

Ijumaa, 4 Aprili
Mto umejaa, watu wa ng'ambo hawakufika. Tumeahirisha kusoma pamoja.

Alhamisi, 10 Aprili
Leo ilikuwa siku ya kusoma pamoja. Nitaiandika yote.

Dar wanasema kemistri. Mama yangu angesema damu zinaendana au haziendani, basi. Haionekani kwa mtu mmoja, ndiyo maana haipo kwenye video za simu. Inabidi uwaweke wawili, kisha watatu, kamera iwe pana iwachukue wote, na umtazame yule asiyesema. Anayesema ameshajiandaa. Asiyesema ndiye anayekwambia kama kuna familia.

Tunaanza na kitovu, yule ambaye kila mmoja ana jambo naye. Kwetu ni baba. Kabula tulimweka abaki pale pale, tukawa tunabadilisha akina baba mmoja mmoja, ili tukiona tofauti tujue imetoka kwa nani. Nilimpa kila mmoja siri yake pembeni, mwenzake asiijue. Na msomaji siku hiyo hana kazi. Nilikaa kwenye stuli yangu, karatasi zimefungwa.

Evod alitangulia. Alimhutubia Kabula. Tukamshukuru.

Akaingia Mzee Salvatory na koti lake. Akanisalimia kwa macho. Kabula akaja na bakuli na jagi la maji, akasema, "Shikamoo baba."

"Marahaba mama," akasema Mzee Salvatory. Alilisema vizuri vile vile, ila alinitazama mimi.

Nikadhani ni bahati mbaya. Tukarudia. "Weka hapo," akaniambia mimi, huku maji yameshikwa na Kabula. "Kula kwanza, neno halipoi." Macho yalimpita Kabula begani, yakaja kwenye stuli. Kabula alikuwa anampa vitu, hakuna kilichopokelewa. Mara ya tatu nikahama, nikaenda kukaa nyuma ya Omega. Macho yakanitafuta mpaka yakanipata.

Omega aliacha kutafuna karanga. Akanong'ona, "Kwa nini kwenye video alikuwa hai?"

Nilijua kwa nini. Kwenye video alikuwa na binti. Nilisoma mara saba nikiwa binti, nikampa pumzi, nikamsubiri pale nisipopaswa kumsubiri. Niliivunja sheria yangu kila alipokuja, na mzee akajifunza kumpenda msomaji. Damu zilikuwa zinaendana kweli, ila zangu na zake, na mimi simo kwenye tamthilia.

Mvua ikaanza. Tukakaa. Wote walikuwa ukumbini: Mzee Salvatory kakaa karibu yangu ananisimulia juu ya mazoezi ya Ijumaa Kuu, na kule mlangoni Kabula na Sylvanus fundi baiskeli wamechutama wanatazama maji yanavyojaa uani. Sylvanus akavua ndala yake moja, akaiweka chini Kabula aikalie, asilowe. Kabula akaikalia bila kumtazama, kama kitu kinachofanyika kila siku.

Mvua ilipopita nikasema aingie Sylvanus.

Kabula alikuwa amechoka, na uchovu ukamfanya akosee. Alipofika na maji, badala ya kusimama kama tulivyopanga, akapiga goti, kama anavyowasalimia wazee kwao. Wandamba hatuleti maji ya kunawa kwa magoti nyumbani kwetu. Omega akanyanyua mkono asimamishe.

Sylvanus akayatazama yale magoti. Akamtazama usoni. "Wewe," akasema taratibu, "umeanza lini kupiga magoti humu ndani? Unataka nini?"

Kabula akacheka cheko la mtu aliyekamatwa. "Sitaki kitu baba."

"Inuka. Sakafu chafu, na gauni hilo unafua wewe." Akanawa mkono mmoja. Wa pili akauacha hewani, anasubiri. "Haya. Sema."

Lile jambo zito alilokuja nalo Roza, ambalo kwenye karatasi linachukua nusu ukurasa kulifikia, lilikuwa limeshakaa mezani. Nikamwita Odilia na yule kijana wa kaka waingie bila kuwaeleza lolote. Odilia alisimama akawatazama wawili wale, akasema, "Mmenificha nini tena mwenzenu?" na kaka mtu akavuta bakuli la maji akanawa kabla ya baba hajamaliza. Sylvanus akampiga kofi mkononi bila kugeuka. Hakuna aliyekuwa anaigiza vizuri zaidi ya mwenzake. Ilikuwa nyumba.

Aneth alizima kamera, akafuta macho kwa kanga.

Mzee Salvatory alikuwa amesimama ukutani muda wote. Akaja kwangu akasema, "Fundi anajua." Halafu akauliza, "Mimi unanirudisha lini?"

Nikasema nitampigia.

Ijumaa, 11 Aprili
Omega yuko tayari kumchukua Mzee Salvatory nikisema. "Wewe ndiye jicho. Tutamfundisha kumtazama Kabula. Ana jina la kuuza: mzee wa miwa."

Nikamwomba anisubiri mpaka Jumatatu. Nimekesha nikitafuta njia ya kumwingiza. Daktari wa mifugo, mwenyekiti wa kijiji, babu anayepita. Nimempanga kila mahali ukutani kwa akili yangu. Kila mahali nilipomweka alikuwa anatazama nje ya picha.

Na kuna ukweli mwingine. Nikimwingiza nitatafuta kisingizio cha kubaki naye miezi minne, kila asubuhi. Hiyo ndiyo sababu yangu yote. Haimhusu Roza wala Mashineni.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimemwambia Omega kosa ni langu, niliwasomea visivyo sawa, video zile zisiende kituoni. Akasema, "Dada, watu huwa hawakiri hilo." Akachukua picha ya Sylvanus akaihamishia katikati.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili
Sheria nyingine ya kazi ni kwamba wa akiba haambiwi mpaka wa kwanza apitishwe. Kwa hiyo Mzee Salvatory anaigiza mateso leo akijua bado yumo. Nilifikiria kupanda basi niende Kisawasawa nikamwone. Nilibaki ndani. Mama Febronia alinikuta nimekaa gizani, akaniwashia taa akaondoka.

Ijumaa, 25 Aprili
Kituo kimepitisha wote sita. Wameandika, "Mmeitoa wapi familia hii?"

Jumamosi, 26 Aprili
Wasiopata huwa nawapigia mwenyewe, simtumi mtu, situmi meseji. Mzee Salvatory nilimfuata kwao.

Kisawasawa kulikuwa na jua. Alikuwa anaanika mpunga wa mwanzo kwenye turubai. Aliponiona nimekuja kwa miguu yangu, akaelewa. Akaendelea kuusambaza mpunga kwa mguu.

"Nimekosea wapi?" akauliza.

"Hukukosea mzee. Niliyekosea ni mimi. Nilisoma kuliko inavyotakiwa. Ulikuwa unamjibu mtu ambaye hatakuwepo."

"Yule binti nilimwona mdogo. Niliona kama namnyima mtu kitu nikimwita mama."

"Unamnyima nani?"

Akaniletea stuli, akaniletea maji, akakaa chini kwenye ukingo wa turubai. Baadaye akasema, "Mimi sina mtoto wa kike. Nilidhani ndivyo wanavyofanya huko kwenye kuigiza. Mtu anakusomea hivyo, na unabaki naye."

Nikamwambia samahani. Nikamwambia yote, mpaka ile simu ya saa saba na dakika ishirini. Alisikiliza vizuri sana, angeonekana vizuri sana kwenye picha. Kisha akasema, "Pole. Lakini ungeniambia mapema, nisingewaaga wanakwaya."

Jumatano, 14 Mei
Watu wote wako mashambani. Mji mtupu.

Jumatatu, 2 Juni
Mazoezi ya kwanza mezani. Shangazi hakufika asubuhi, nikasoma sehemu yake. Nilisoma kama karani. Aneth akaniangalia, akatabasamu. Sylvanus na Kabula wameshaanza kugombana kuhusu baiskeli ya Kabula inayodai matairi.

Kazi yangu hapa imeisha. Waigizaji wakikaa mezani, mchaguzi anaondoka, hakuna anayeona. Nimefagia nyumba, nimefunika redio kwa kitambaa, nimerudisha viti vyote vinne chini ya meza.

Saa moja jioni nikampigia Mzee Salvatory. Iliita muda mrefu. Nyuma yake nilisikia watoto wa jirani na mtu anatwanga.

"Shikamoo baba," nikasema.

Nikasubiri, kama nilivyokuwa namsubiri pale ukumbini.

"Marahaba," akasema, neno moja tu, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi.